Chana kwa mkungu ni kama nini? Kwa nini "ndizi kwa mgomba" si jibu

*"Nimefanya mitihani ya mchujo wa kazi mara mbili, na mara zote nimeangushwa na yale maswali ya jozi za maneno. Mtihani ulikuwa wa Kiingereza. Nimekariri orodha ya aina za uhusiano (kisawe, kinyume, sehemu na kizima, kifaa na kazi yake na kadhalika) lakini bado nakosa. Kaka yangu kanitungia moja kwa Kiswahili: CHANA kwa MKUNGU ni kama (a) panga kwa mgomba, (b) ndizi kwa mgomba, (c) kuni kwa tita, (d) ubeti kwa shairi. Nikajibu (b). Akasema jibu ni (d), ila hakuweza kunieleza kwa nini (b) na (c) si sahihi, maana zote ni sehemu na kizima. Haya maswali yana kanuni au ni kubahatisha? Au ni kichwa mtu alichozaliwa nacho, nikubali tu yaishe?"*

Ndugu yangu, kaka yako ametunga swali zuri kuliko mengi yaliyomo kwenye vijitabu vya mazoezi, na jibu lake ni sahihi. Kanuni ipo, na wewe mwenyewe umeigusa uliposema kwamba (b), (c) na (d) zote ni sehemu na kizima. Ni kweli kabisa. Ndiyo maana orodha uliyokariri imekuacha njiani: jina la uhusiano linakufikisha mtaani, halikuonyeshi nyumba. Machaguo matatu kati ya manne yanaishi mtaa mmoja, na mtunzi ameyaweka hapo makusudi kwa sababu anajua watu wamekariri orodha.

Kinachochagua jibu ni sentensi. Funika machaguo kwa kiganja, ubaki na jozi ya swali peke yake. Tunga sentensi moja fupi yenye maneno yote mawili, inayosema jambo ambalo lazima liwe kweli kwa sababu ya maana ya maneno hayo, si jambo linalotokea mara mojamoja. "Chana huuzwa pamoja na mkungu" ni kweli siku fulani sokoni, siku nyingine si kweli. "Chana ni sehemu ya mkungu" ni kweli leo, kesho na hata pale ambapo hakuna soko. Ya pili ndiyo unayoitaka. Ukishaipata, fungua machaguo, toa maneno ya swali, weka ya kila chaguo mahali palepale, kisha isome kwa sauti ya moyoni.

Tuifanye kwenye swali lako. "Panga ni sehemu ya mgomba": hapana, (a) inaondoka. "Ndizi ni sehemu ya mgomba": inapita. "Kuni ni sehemu ya tita": inapita. "Ubeti ni sehemu ya shairi": inapita. Wengi wakifika hapa huchagua ile inayowapendeza masikioni. Hilo ndilo kosa lenyewe, kwa sababu majibu matatu yakipita maana yake ni kwamba sentensi yako bado ni pana, na kazi iliyobaki ni kuibana. Usihangaike na machaguo. Rudi kwenye jozi ya swali ujiulize: chana ni sehemu ya mkungu kwa namna gani?

Mkungu umeundwa na chana. Ziondoe chana zote, mkononi hutabaki na mkungu, utabaki na kikonyo kitupu. Sentensi mpya basi ni hii: "Mkungu ni mkusanyo wa chana." Jaribu tena. "Mgomba ni mkusanyo wa ndizi"? Hapana. Mgomba ambao haujazaa ni mgomba, na uliokwisha kukatwa mkungu wake bado ni mgomba hadi uangushwe. Ndizi ni zao lake. Kwa hiyo (b), jibu lako, limeanguka hapa, na limeanguka kwa sababu unayoweza kuitaja. "Tita ni mkusanyo wa kuni": inapita. "Shairi ni mkusanyo wa beti": inapita.

Yamebaki mawili, tubane tena. Chana si kitu kimoja kama ukuni ulivyo. Chana yenyewe ni kundi la ndizi. Tuna ngazi tatu: ndizi zinafanya chana, chana zinafanya mkungu. "Mkungu ni mkusanyo wa chana, na kila chana nayo ni mkusanyo wa vitu vidogo zaidi." Kuni? Ukuni mmoja ni kijiti kimoja, haukukusanywa kutoka kwa kitu chochote. Ubeti? Ubeti ni mishororo. Mishororo inafanya ubeti, beti zinafanya shairi. Ngazi tatu kwa ngazi tatu. Jibu ni (d), na sasa unaweza kumweleza kaka yako kilichomshinda kukueleza.

Ona kwamba hukuhitaji kubana mara mbili tangu mwanzo. Kama machaguo yangekuwa (a) na (d) tu, sentensi ya kwanza ingetosha na ungeendelea na swali jingine. Anza na sentensi nyepesi, ibane pale tu majibu mawili au zaidi yanapopita. Anayeanza na sentensi ndefu yenye kila kitu anapoteza muda, na mara nyingi anajikuta hakuna chaguo linalopita.

Sasa kwa nini ulivutwa na (b)? Hilo lina maelezo yake, na ukiyaelewa utaona mtego kabla hujaukanyaga. Ukisoma "chana" na "mkungu", akili inaleta yenyewe, bila kuitwa, kila kilicho jirani: ndizi, mgomba, panga, shamba, ndizi za kupika. Ni kazi ya kumbukumbu, na inafanyika haraka kuliko kazi ya kupima uhusiano. Kwa hiyo unapofungua machaguo, (b) unaiona kama mtu unayemfahamu. Ubeti na shairi vinaonekana wageni waliokosea njia. Mtihani mzuri hujengwa hivyo makusudi, kwamba jibu sahihi litoke mbali kwa mada na mtego ukae karibu. Hii haina maana kwamba jibu lenye mada ileile ni kosa kila mara. Ila ukijiona unalipenda chaguo kabla hujalipitisha kwenye sentensi, jiulize unapenda uhusiano au unapenda mada.

Mwanasaikolojia wa Marekani Dedre Gentner alieleza mwaka 1983 kwamba katika mlinganisho tunachohamisha ni uhusiano kati ya vitu, na sifa za kitu kimojakimoja tunaziacha nyuma. Baadaye aliwauliza watoto na watu wazima maana ya semi kama "wingu ni kama sifongo". Watoto wadogo walielekea kwenye sura: vyote ni vya mviringo na laini. Watu wazima walisema vyote vinashika maji na kuyaachia. Mtu mzima aliyechoka, dakika zimebaki tatu, anarudi kujibu kama yule mtoto. Anaona ndizi, anachagua ndizi.

Kanuni hiyo ya sifa na uhusiano inakusaidia pia usibane kupita kiasi. Nimeona watu wakiandika: "Chana ni kitu cha kijani kinachokatwa kutoka kwenye mkungu kabla hakijaiva." Halafu wanashangaa mashairi hayakatwi wala hayaivi. Ukijikuta hakuna chaguo linalopita, kagua kila neno ulilotia kwenye sentensi. Neno linalohitaji vitu vyote viwili ili liwe na maana, kama "mkusanyo wa", libakize. Neno linaloeleza kitu kimoja peke yake, kama "cha kijani", litupe.

Jambo la pili linaloangusha watu, na kwa hili nadhani hata wewe umepoteza alama bila kujua, ni mwelekeo. Chukua hili:

DOKOA kwa BUGIA ni kama (a) kimbia kwa tembea, (b) pika kwa kula, (c) nyunyiza kwa mwaga, (d) iba kwa nyang'anya.

Kila aliyekulia kwenye nyumba yenye jiko anajua kudokoa: kunyofoa kipande kidogo cha nyama sufuriani mama akigeuka. Kubugia ni kujaza kinywa kwa pupa. Sentensi ya kwanza: "Kudokoa ni kufanya kwa uchache kile ambacho kubugia ni kukifanya kwa wingi." Chaguo (a) lina uhusiano uleule wa kiwango, lakini limegeuzwa. Kutembea ndiko kwa chini, kukimbia ndiko kwa juu, na kwenye jozi limeanza la juu. Ukisema tu "ni kiwango" utalichagua. Sentensi inakulinda kwa sababu ina nafasi ya kwanza na nafasi ya pili, na "kukimbia ni kufanya kwa uchache kile ambacho kutembea ni kukifanya kwa wingi" inasikika upuuzi mara moja. Chaguo (b) ni mada ya jiko, na uhusiano wake ni wa kutangulia na kufuata. Chaguo (c) linapita: anayenyunyiza anatoa kidogokidogo, anayemwaga anatoa kwa wingi.

Chaguo (d) ndilo tamu. Kudokoa kuna harufu ya wizi, si ndiyo? Mdokozi wa nyama anaangalia mlangoni. Kwa hiyo mtu mwerevu anaweza kusema: dokoa ni kwa siri, na kuiba ni kwa siri, na kunyang'anya ni kwa nguvu mchana kweupe. Hoja nzuri, ila imeshika neno la kwanza tu. Neno la pili, bugia, halina nguvu wala hadhara ndani yake. Mtu anaweza kubugia peke yake gizani. Sentensi lazima ibebwe na maneno yote mawili, na ikishindwa kulibeba la pili, maana uliyoichukua kwenye la kwanza siyo aliyoikusudia mtunzi.

Neno la pili ndilo linalokuchagulia maana pia pale ambapo neno la kwanza lina maana nyingi, na Kiswahili kimejaa hayo. PAA kwa NYUMBA. Paa ni mnyama, paa ni kupanda angani, paa ni la bati au makuti. Nyumba imekwisha kuchagua. Ukiona machaguo yana "swala kwa mbuga" na "ndege kwa anga", ujue yamewekwa kwa ajili ya msomaji aliyesoma neno la kwanza na kukimbia. Kama lipo "kifuniko kwa sufuria", hapo umefika.

Maswali mengine hayakupi jozi nzima. Yanakupa maneno matatu na pengo: KUKU kwa KIFARANGA ni kama NG'OMBE kwa nini? Machaguo: maziwa, zizi, ndama, fahali. Hapa mada haikusaidii hata kidogo, maana kila chaguo ni la ng'ombe. Ila una msaada ambao lile umbo la kwanza halina: unaweza kukagua kwa kupita upande. Kuku na ng'ombe wote ni mama wazima, basi kifaranga na jibu lako nao lazima wawe na kitu kinachowafananisha. Kifaranga na ndama ni watoto. Kifaranga na fahali? Hapana. Fanya kwanza kwa sentensi, kisha kagua kwa kupita upande kama muda upo.

Sasa nikuambie jambo ambalo vijitabu havisemi. Baadhi ya maswali ni mabovu. Angalia hili: SEREMALA kwa RANDA ni kama (a) mfinyanzi kwa chungu, (b) mhunzi kwa nyundo, (c) kinyozi kwa wembe, (d) mvuvi kwa bahari. Sentensi ya kwanza, "seremala hutumia randa kama kifaa cha kazi yake", inabakiza (b) na (c). Ukibana: randa hukwangua juu ya mbao ili iwe laini, na wembe hukwangua juu ya ngozi. Nyundo haikwangui, inagonga. Mimi ningechagua (c). Lakini mtunzi mwingine angeweza kusema seremala na mhunzi wote hutengeneza vitu vya kudumu na kinyozi hatengenezi kitu, kwa hiyo ni (b). Hoja yake si ya kijinga. Mtunzi makini hawaweki hawa wawili kwenye swali moja, kwa sababu kanuni ya fani ni kwamba jibu lazima liweze kutetewa dhidi ya mengine yote. Ukikutana na swali la namna hii kwenye mtihani, bana mara moja, ukiona bado mizani imelala katikati, chagua unaloweza kulitetea na uende zako. Kwenye mazoezi ya nyumbani, ukikuta jibu la kitabu haliwezi kutetewa, lipige mstari ulisahau. Anayejilazimisha kulikubali jibu bovu anajifunza kanuni mbovu.

Turudi kwenye Kiingereza, kwa sababu nahisi nusu ya tatizo lako ipo hapo. Maswali haya yanapima mambo mawili kwa pamoja, msamiati na uhusiano, na alama ya mwisho haikuambii ni lipi lililokuangusha. Kuna njia ya kujua. Chukua maswali kumi na tano ya Kiingereza uliyoyakosa, yatafsiri kwa Kiswahili cha nyumbani ukiwa na kamusi, yaweke pembeni mpaka majibu yakutoke kichwani, kisha yajibu. Acha yale yasiyotafsirika. Swali linalotegemea Kiingereza kutenganisha kiganja na mkono mzima, kwa mfano, linakufa mara unapoandika "mkono" mara mbili. Katika yanayobaki, ukipata mengi, kichwa chako hakina shida yoyote na uhusiano. Unachokosa ni maneno, na dawa yake ni kusoma Kiingereza kila siku, si kufanya maswali zaidi ya jozi. Ukiendelea kuyakosa hata kwa Kiswahili, basi ni ufundi wa sentensi, na ufundi huo unafundishika.

Hapo hapo, angalia unafanyia mazoezi kwenye nini. Faili nyingi zinazorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ni vitabu vya zamani vya mitihani ya Marekani. SAT iliondoa maswali ya jozi mwaka 2005, GRE ikayaondoa mwaka 2011, na mtihani wa Miller, uliokuwa wa jozi mwanzo hadi mwisho, maswali 120 kwa dakika 60, ulifungwa mwaka 2023. Vitabu hivyo havina ubaya kwa kujifunza umbo la swali, lakini vile vya GRE vilijazwa maneno adimu ambayo hata mwenye lugha hayatamki kwa mwaka mzima, na Miller ilitaka pia ujue muziki, historia na sayansi. Mchujo wa kazi wa kawaida hautaki hayo. Ukishindwa na maswali yale usijipime kwayo.

Ukikutana na neno usilolijua ndani ya mtihani, bado una la kufanya. Nenda kwenye machaguo, utunge sentensi ya lazima kwa kila moja. Chaguo ambalo maneno yake hayana uhusiano wa lazima, kama "mvuvi kwa utajiri", haliwezi kuwa jibu la swali lolote. Kuna wavuvi matajiri na kuna wanaolala njaa, na maana ya neno mvuvi haisemi chochote juu ya hilo. Lifute. Ukifuta mawili kati ya manne, umetoka kwenye nafasi moja kati ya nne hadi moja kati ya mbili bila kulijua lile neno. Soma maelekezo ya mtihani uone kama jibu la kosa linakatwa alama. Kama halikatwi, usiache swali tupu hata moja.

Kuhusu muda, watu wengi wanauokoa mahali pasipo pake. Mwanasaikolojia Robert Sternberg, aliyechunguza katika miaka ya 1970 jinsi watu wanavyofanya milinganisho hatua kwa hatua, aliona kwamba wanaofanya vizuri walitumia muda mrefu zaidi kuyaelewa maneno yenyewe, kisha wakawa wepesi kwenye hatua zilizofuata. Wanaofanya vibaya walikuwa kinyume chake: waliruka mwanzo, wakazunguka kwenye machaguo. Ukiwa na nusu dakika kwa swali, tumia sehemu yake kubwa ukiwa umefunika machaguo. Mwanzoni utajiona unachelewa. Kwa wiki ya kwanza usiweke saa kabisa. Andika sentensi kwa kalamu, kila swali, hata rahisi, na ukikosa usiandike tu jibu sahihi bali andika sentensi iliyopaswa kukufikisha huko. Sentensi zikianza kukujia kichwani bila kalamu, ndipo uweke saa.

Umeuliza kama ni kichwa cha kuzaliwa. Swali hilo lina historia. Mwanasaikolojia wa Uingereza Charles Spearman aliandika mwaka 1923 kwamba kuona uhusiano, na kuutumia kupata kitu kingine, ndiyo kazi ya msingi ya akili, na kwa miaka mingi maswali ya jozi yamekuwa yakiwekwa kwenye mitihani ya kupima uwezo. Sitakudanganya kwamba watu wote huanza sawa. Wapo wanaoliona jibu kabla ya kumaliza kusoma. Lakini anayekutana na umbo hili mara ya kwanza siku ya mtihani na aliyelizoea hawapimwi kitu kimoja, na alama hupanda kwa mazoea. Wewe uliyeweza kuona kwamba machaguo matatu yana uhusiano wa aina moja umekwisha kufanya sehemu ngumu. Umekosa tu hatua ya kubana.

Kuna kitu kimoja ambacho maandishi hayakifanyi. Mtafute mtu, hata huyo kaka yako, akae mbele yako akuchagulie maswali kumi, wewe uyafanye kwa kusema kila unachofikiri kwa sauti, naye asikusahihishe mpaka umalize. Awe anaandika tu mahali ulipotaja jibu kabla ya kutaja sentensi, na mahali ulipogeuza mpangilio. Mwalimu wa lugha aliyewahi kutunga mitihani atakufaa zaidi kwa hili, maana atajua kusikia sentensi pana na sentensi iliyobanwa, na kikao kimoja au viwili vinatosha. Usilipie kozi ya miezi mitatu kwa ajili ya sehemu hii peke yake.

Na kama unapofanya hivyo mtu anagundua kwamba unayasoma maneno yasivyoandikwa, unaruka silabi, au macho yanauma na herufi zinacheza baada ya ukurasa mmoja, na ni hivyohivyo ukisoma gazeti la Kiswahili, basi tatizo halipo kwenye jozi. Anza kwa kupimwa macho kwenye kliniki. Macho yakiwa salama, ulizia kwenye chuo cha ualimu au hospitali kubwa kama wana mtaalamu wa matatizo ya kusoma, na uwapelekee karatasi za mazoezi ulizokwisha kufanya, zenye makosa yake yote bila kufutwa.